Nafasi Imeachwa na Nani, na Unaripoti kwa Nani?

Katika kampuni yenye utaratibu, tangazo la kazi huwa ni karatasi ya pili. Ya kwanza ni fomu ya maombi ya kuajiri, ambayo mkuu wa idara huijaza na kuipeleka kwa idara ya rasilimali watu na ya fedha ili aruhusiwe kumwongeza au kumbadilisha mtu. Ndani ya fomu hiyo, ambayo kila kampuni huipa sura yake, kwa kawaida kuna sehemu inayouliza kama nafasi ni mpya au inajaza pengo, na kama inajaza pengo ni la nani; kuna sehemu inayotaja idara na idadi ya watu walioidhinishwa; na kuna sehemu inayoeleza mtumishi atawajibika kwa nani. Tangazo linapoandikwa, mambo hayo matatu huachwa nyuma, na mahali pake huwekwa maneno kama “kampuni inayokua kwa kasi” na “mazingira yenye changamoto”. Mwombaji anayemuuliza ofisa wa ajira kwa nini nafasi iko wazi, timu ina watu wangapi na msimamizi ni nani, kwa hiyo, haombi siri ya kampuni, bali anaomba kusomewa mistari michache ya karatasi ambayo tayari imeshasainiwa.

Ofisa wa ajira ni mtu anayesaka na kuchuja waombaji kwa niaba ya mwajiri, naye ni wa aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Wa kwanza ni mwajiriwa wa kampuni yenyewe, aliyeko katika idara ya rasilimali watu, ambaye fomu iliyotajwa ilipita mezani kwake. Wa pili ni wakala, yaani mtu au kampuni ya nje inayolipwa na mwajiri kwa kumpata mtu anayefaa. Malipo yake mara nyingi ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa atakayeajiriwa, na kwa wengi hulipwa pale tu mtu anapopatikana. Mkataba wa wakala na mwajiri huwa pia na kipindi cha dhamana, aghalabu miezi mitatu au karibu na hapo, ambapo mtu akiondoka wakala hulazimika kuleta mwingine bila malipo mapya. Kutokana na mpangilio huo wakala ana maslahi mawili yanayovutana: anataka nafasi ijazwe upesi, lakini hataki ijazwe na mtu atakayekimbia baada ya wiki sita. Mwombaji anayeuliza maswali yake kwa utaratibu anayagusa maslahi ya pili, na hiyo ndiyo sababu wakala mzoefu hujibu bila kuudhika.

Swali la kwanza, la kwa nini nafasi iko wazi, lina majibu machache kuliko inavyodhaniwa. Nafasi yaweza kuwa mpya kabisa. Yaweza kuwa imeachwa na mtu aliyepandishwa, aliyehamishwa, aliyestaafu, aliyeacha kazi au aliyeachishwa. Yaweza kuwa ya kushikilia kwa muda, kwa mfano wakati mwenye nafasi yuko likizo ya uzazi. Au yaweza kuwa imezaliwa na mabadiliko ya muundo, ambapo kazi za watu wawili zimeunganishwa na kupewa jina moja. Kila jibu lina swali linalolifuata, na humo ndimo habari ya kweli inamopatikana. Kwa nafasi mpya, huulizwa kama tayari imo katika bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka huu, au idara inatafuta mtu kwanza huku ikitumaini kuwa fedha zitapatikana. Kwa nafasi iliyoachwa, huulizwa aliyekuwepo alikaa muda gani, na aliyemtangulia alikaa muda gani. Mtu mmoja kuondoka si habari. Watu watatu kupita katika kiti kimoja ndani ya miaka miwili ni habari, na haihitaji maelezo ya ziada.

Hapa pana adabu inayopaswa kuzingatiwa. Mwombaji huuliza mwenendo wa nafasi, hamchunguzi mtu aliyeondoka. Sababu binafsi za mtu huyo, iwe ni ugonjwa, ugomvi au kesi ya nidhamu, ni taarifa zake, nazo zinalindwa na sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ofisa wa ajira anayezimwaga taarifa hizo mbele ya mgeni anaonyesha jinsi atakavyozitendea za mgeni huyo siku moja. Basi swali lenye heshima husikika hivi: “Samahani dada, bila kuingia katika mambo ya mtu binafsi, ningependa kufahamu kama nafasi hii ni mpya au ilikuwa na mtu, na kama ilikuwa na mtu, alikaa kwa muda gani.” Swali la namna hiyo hujibika kwa sentensi mbili, na anayelijibu hana haja ya kumsema mtu yeyote.

Uzito wa jibu unaonekana zaidi mtu anapotazama sheria za kazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, lakini kinga hiyo haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo; na malipo ya kiinua mgongo, ambayo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi kikomo cha miaka 10, hayaanzi kudaiwa kabla ya miezi 12 ya kazi mfululizo. Zaidi ya hapo, mwajiri anapopunguza wafanyakazi, kigezo kinachotumika sana ni kuwaondoa kwanza walioingia mwisho. Mtu aliyeacha kazi ya miaka minane na kuingia katika nafasi mpya isiyo na bajeti ya uhakika anaweza, nafasi hiyo ikifutwa katika mwezi wa nane, kuondoka bila kiinua mgongo chochote kutoka kwa mwajiri mpya. Kwa mtu kama huyo, kuuliza kama nafasi imeidhinishwa ni kuuliza kama kuna ardhi chini ya mguu kabla hajauhamisha wa pili.

Swali la pili, la ukubwa wa timu, hupewa jibu la namba moja, na namba moja haitoshi. Lugha ya utumishi wa umma ina neno linalosaidia hapa, nalo ni ikama, yaani idadi ya watumishi ambao taasisi imeruhusiwa kuwa nao katika kila kada. Ikama ya kitengo yaweza kuwa watu watano huku viti vitatu tu vikiwa na watu, na ofisa wa ajira anaposema “timu ina watu watano” anaweza kuwa anasoma ikama kwa nia njema kabisa. Kwa sababu hiyo swali hugawanywa: ni wangapi wameidhinishwa, ni wangapi wapo kazini leo, na kati ya waliopo ni wangapi wanafanya kazi ya aina ile ile atakayoifanya mgeni. Mgawanyo wa mwisho ndio husahaulika zaidi. Timu ya masoko ya watu kumi na wawili, ambamo kumi ni wauzaji wa mitaani na mmoja ni dereva, ina mtu mmoja tu wa kuandaa mpango wa masoko, naye ni yule anayetafutwa.

Swali la tatu linahusu mstari wa kuripoti, yaani njia inayomuunganisha mtumishi na mtu anayempangia kazi, anayempima na anayemwajibisha. Mhandisi wa migodi Mfaransa, Henri Fayol, katika kitabu chake cha uongozi cha mwaka 1916, aliweka miongoni mwa kanuni zake 14 kanuni ya umoja wa amri, inayosema kuwa mtumishi apokee maagizo kutoka kwa mkuu mmoja tu. Kampuni nyingi za leo zenye ofisi katika nchi kadhaa zimeiacha kanuni hiyo kwa makusudi. Mtumishi wa Dar es Salaam huwa na mkuu wa taaluma yake Nairobi au Johannesburg, ambaye katika mchoro wa muundo ameunganishwa naye kwa mstari kamili, na meneja wa nchi aliye ghorofa moja naye, ambaye ameunganishwa naye kwa mstari wa nukta. Mpangilio huo wenyewe si kosa, na wapo wanaofanya kazi chini yake kwa amani miaka mingi. Kosa ni kuuingia bila kujua ni mstari upi wenye nguvu, na cheo cha msimamizi hakiwezi kulijibu hilo. Linajibiwa na mambo matatu ya kawaida: nani anaidhinisha likizo, nani anaandika tathmini ya mwaka, na nani aliomba nafasi hii ifunguliwe. Majina matatu yakiwa ya mtu mmoja, mstari ni mmoja. Yakiwa ya watu wawili, mwombaji ana haki ya kutaka kusailiwa na wote wawili kabla ya kukubali.

Thamani kubwa ya maswali haya haimo katika jibu la swali moja moja, bali katika kuyapanga majibu kando kwa kando na kuona kama yanakubaliana, jambo linaloonekana vyema katika mfano uliotungwa hapa kwa ajili ya ufafanuzi. Wakala wa ajira anampigia simu mhasibu wa Dar es Salaam mwenye uzoefu wa miaka saba, akimweleza juu ya nafasi ya mhasibu mwandamizi katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa za majumbani, yenye makao makuu Nairobi. Tangazo linasema ataongoza timu. Anapoulizwa, wakala anajibu kwamba nafasi imetokana na upanuzi wa biashara, kwamba kitengo kina watu watano, na kwamba mhasibu ataripoti kwa mkurugenzi wa fedha aliyeko Nairobi, “ingawa kwa mambo ya kila siku atakuwa na meneja wa nchi”.

Kila jibu kati ya hayo linapendeza likisikika peke yake. Mhasibu, hata hivyo, anauliza kati ya hao watano ni wangapi wanakaa mezani leo, na wakala, baada ya kutazama maelezo yake, anasema kuna makarani wawili wa hesabu na mtunza fedha mmoja. Viti viwili viko wazi: kinachotangazwa, na kingine cha mhasibu wa kodi ambacho kinasubiri bajeti ya mwaka ujao. Hapo jibu la kwanza linaanza kuyumba, kwa maana upanuzi huongeza viti, ilhali hapa kuna viti viwili vilivyokwisha kuhesabiwa katika wale watano, lakini ni vitupu. Mhasibu anauliza kwa utulivu kama cheo cha mhasibu mwandamizi kilikuwepo mwaka jana. Kilikuwepo, aliyekikalia aliondoka mwezi Machi, baada ya miezi kumi na mmoja. Mtangulizi wake hajulikani kwa wakala, ambaye anaahidi kuuliza.

Kwa mtu wa fani ya uhasibu, picha iliyobaki hujichora yenyewe kwa kalenda. Mamlaka ya Mapato Tanzania inataka kodi inayokatwa kwenye mishahara, pamoja na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, zilipwe kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani iwasilishwe kufikia tarehe 20. Makao makuu, katika mfano huu, yanataka hesabu za mwezi siku ya tano ya kazi. Kwa hiyo katika juma la kwanza la kila mwezi, mtu mmoja mwenye sifa za kitaaluma atakuwa anafunga hesabu kwa ajili ya Nairobi na kuandaa malipo ya kodi kwa ajili ya Dar es Salaam kwa wakati mmoja, akisaidiwa na makarani wawili, na kabla juma la tatu halijakwisha atakuwa amerudi kwenye kodi tena, kazi ambayo katika ikama ni ya mhasibu wa kodi ambaye hayupo. Meneja wa nchi, aliye karibu na ambaye faini ya kuchelewa itamwangukia ofisini kwake, atasukuma kodi itangulie. Mkurugenzi wa Nairobi, ambaye ndiye mwandishi wa tathmini ya mwaka, atasukuma hesabu zitangulie. Mtu aliyeondoka baada ya miezi kumi na mmoja hahitaji kuhojiwa ili sababu yake ikisiwe, japokuwa kukisia huko hakupaswi kugeuzwa kuwa hukumu mpaka majibu yaliyosalia yarudi.

Haifuati kwamba nafasi hiyo ikataliwe. Mhasibu wa mfano sasa anajua cha kuomba, na maombi yake yana namba ndani yake. Anaweza kuomba kuzungumza na meneja wa nchi pamoja na mkurugenzi wa fedha, ili awaulize wote wawili swali moja: katika juma la kwanza la mwezi, kazi ipi inatangulia? Anaweza kuomba tarehe ambayo kiti cha mhasibu wa kodi kitajazwa, na endapo haipo, mshauri wa kodi wa nje atumike mpaka tarehe hiyo. Anaweza pia kujenga hoja ya mshahara juu ya ukweli kwamba anaombwa kubeba viti viwili. Kwa sababu hiyo maswali haya huulizwa katika mazungumzo ya kwanza ya simu, ambayo kwa kawaida hayazidi robo saa au nusu saa, na huulizwa kabla mwombaji hajataja kiwango cha mshahara anachokitarajia. Anayetaja kiasi kabla ya kuijua timu amepanga bei ya mzigo asioujua uzito wake.

Baada ya mazungumzo hubaki suala la maandishi, ambalo wengi hulipuuza. Sheria ya ajira ya Tanzania iliyokwisha kutajwa inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira kwa maandishi, zikiwamo maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira, na aina na muda wa mkataba, na inataka mabadiliko ya mambo hayo yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi. Katika orodha hiyo hakuna mstari unaotaja msimamizi wala idadi ya watu wa kitengo. Pengo hilo huzibwa na maelezo ya kazi, ambayo ni sehemu halali ya taarifa hizo na ambamo cheo cha msimamizi, pamoja na vyeo vya wale watakaosimamiwa, vinaweza kuandikwa bila kugharimu chochote. Mwombaji ambaye bado hajasaini huwa na nafasi nzuri kuliko atakayokuwa nayo wakati mwingine wowote ya kuomba mistari hiyo iongezwe. Baada ya siku ya kwanza kazini, ombi hilo hilo husikika kama malalamiko.

Yapo mambo ambayo maswali haya hayawezi kuyafikia. Wakati mwingine mwenye nafasi bado yupo kitini na hajui kuwa anatafutiwa mbadala; wakala wa nafasi ya namna hiyo hataji hata jina la mwajiri mpaka hatua za mwisho, na jibu lake la “sababu za ndani” si lazima liwe uongo, ingawa linampa mwombaji kazi ya kujiuliza kama yeye naye atatendewa hivyo. Katika biashara ndogo ya familia hakuna fomu wala ikama, na mwenye mali anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba bado hajaamua nani atamsimamia nani. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, ambako nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwa kibali kilichotolewa kwa idadi maalumu, aliyefaulu hupangiwa kituo baadaye, hivyo swali la msimamizi halina wa kulijibu wakati wa maombi. Na wakala wa nje anaweza kutojua, kwa sababu tu mteja wake hakumpa zaidi ya kurasa mbili za sifa zinazotakiwa.

Kutojua, basi, si dalili mbaya peke yake. Dalili ni kinachofuata. Ofisa anayesema “sijui, lakini nitamuuliza mkuu wa idara na kukujibu kabla ya Ijumaa”, kisha akajibu, ametoa habari mbili kwa mara moja: jibu lenyewe, na kwamba idara hiyo hujibu inapoulizwa. Anayesema kwamba maswali hayo yatajibiwa “ukishaanza kazi”, au anayegeuza swali la timu kuwa hotuba juu ya utamaduni wa kampuni, ametoa habari pia. Inafaa vilevile kumuuliza meneja wa idara maswali yale yale katika usaili wa pili, kwa maneno mengine kidogo, bila kutaja kilichosemwa kwenye simu. Tofauti ndogo za kumbukumbu ni za kawaida, lakini ofisa wa ajira akisema nafasi ni mpya na meneja akimtaja aliyekuwepo kwa jina, mwombaji anapaswa kuomba ufafanuzi wa maandishi kabla ya usaili wa tatu.

Waajiri nao wangeweza kuupunguza usumbufu huu wote kwa kuongeza mistari mitatu katika tangazo: nafasi ni mpya au inajaza pengo, kitengo kina watu wangapi waliopo na wangapi walioidhinishwa, na mhusika ataripoti kwa cheo kipi na katika mji gani. Taarifa hizo wanazo tayari, katika fomu waliyoisaini wenyewe.